Muhtasari wa sera wa ukurasa mmoja unapokwama: dalili, vyanzo na marekebisho

Ripoti ya kitaalamu yenye kurasa 140 inapofupishwa kuwa ukurasa mmoja kwa ajili ya mkurugenzi au mbunge, kasoro zake mara nyingi hazionekani mezani kwa mwandishi. Huonekana upande wa pili: katika swali la msomaji, katika simu ya mtafiti aliyeudhika, au katika jalada linalorudi likiwa na neno «nimeona» na saini peke yake. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili hizo na kurudi nyuma hadi mahali kosa lilipoingilia.

Mfano tutakaoutumia ni wa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, katika mahindi. Tatizo lenyewe ni la kweli. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 317 waliripotiwa kuugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 ugonjwa huohuo uliwapata watu wa Dodoma na Manyara. Na Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ripoti tutakayoifupisha, hata hivyo, tumeibuni kwa ajili ya zoezi pamoja na takwimu zake zote. Ni ya halmashauri moja ya wilaya katika Kanda ya Kati ya Tanzania, na ilipima mahindi yaliyohifadhiwa katika kaya 120.

Dalili ya kwanza: msomaji anafika mwisho na kuuliza, «Sasa mnataka nifanye nini?»

Hii ndiyo dalili inayojitokeza mara nyingi kuliko zote, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa, kwa sababu ina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa nje.

Chanzo cha kwanza ni pendekezo lililohamishwa kutoka kwenye ripoti bila kuguswa. Sura ya mwisho ya ripoti yetu inasema: «Wadau waimarishe usimamizi wa mazao baada ya mavuno na kuongeza uelewa wa jamii kuhusu sumukuvu.» Sentensi hii inafaa kwenye ripoti, kwa kuwa ripoti inasomwa na watu wengi wenye majukumu tofauti. Kwenye ukurasa ulioandikiwa mtu mmoja haimwagizi mtu yeyote kitu chochote. Njia ya kuupima ukurasa wako ni kuficha kila kitu isipokuwa sentensi ya ombi, kisha kumpa mwenzako ambaye hakushiriki katika kazi hiyo akuambie nani atafanya nini, kwa fedha zipi, na kabla ya tarehe gani. Akishindwa kujibu hata moja kati ya hayo, sentensi hiyo haijawa ombi.

Chanzo cha pili ni kigumu zaidi kukigundua, kwa maana ukurasa unaonekana umekamilika: ombi lipo, mtendaji yupo, ila aliloombwa haliko ndani ya mamlaka yake. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri anaweza kuwapangia kazi maafisa ugani, anaweza kuandaa rasimu ya bajeti, na anaweza kupeleka hoja mbele ya vikao. Lakini bajeti ya halmashauri na sheria ndogo hupitishwa na Baraza la Madiwani. Ukimwandikia «apitishe sheria ndogo inayokataza kuanika mahindi ardhini», umemwomba kitu ambacho hata akikubaliana nawe kabisa hawezi kukutimizia kwa kalamu yake.

Kwa mbunge mtego ni mwingine. Waandishi wengi humwomba «aongeze bajeti ya kudhibiti sumukuvu». Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania inaeleza kwamba hoja za kuongeza kodi au matumizi ya Mfuko Mkuu wa Hazina hazishughulikiwi na Bunge isipokuwa Rais awe amependekeza na pendekezo hilo liwe limewasilishwa na Waziri. Kwa hiyo mbunge wa kawaida hawezi kusimama na kuongeza fungu. Anachoweza ni kumwuliza Waziri swali, kuibua jambo hilo kwenye kamati ya kudumu, au kutishia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri wakati wa kupitisha mafungu mpaka apate maelezo yanayoridhisha. Zaidi ya hayo, mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri yake, jambo ambalo waandishi wa muhtasari husahau, ingawa kwa suala kama letu huenda kiti chake cha huko kikawa na uzito kuliko cha Dodoma. Nchini Kenya hesabu ni nyingine tena: tangu Katiba ya 2010 huduma za ugani ziko chini ya kaunti, kwa hiyo ukurasa unaoomba maafisa ugani unapaswa kwenda kwa mwakilishi wa wadi au waziri wa kilimo wa kaunti, na ukipelekwa kwa mbunge wa Bunge la Taifa umekosa mlango.

Chanzo cha tatu ni kalenda. Ombi linaweza kuwa sahihi, limeelekezwa kwa mtu sahihi, na bado lisitekelezeke kwa sababu ya tarehe. Kanda ya Kati hupata msimu mmoja wa mvua, na mahindi huvunwa kwa wingi kati ya Mei na Julai. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ukiandika Februari ukiomba turubai za kuanikia ziingizwe kwenye bajeti ijayo, fedha zitapatikana wakati mahindi ya msimu huo yameshaanikwa, tena ardhini. Hapo kuna njia mbili tu za ukweli: kuomba uhamisho wa fedha ndani ya mwaka unaoendelea, au kukiri wazi kwamba ombi ni la mavuno ya mwaka unaofuata. Yote mawili yanakubalika. Kisichokubalika ni kuliacha jambo hilo lije kugunduliwa na mweka hazina.

Baada ya kupitia vyanzo hivyo vitatu, pendekezo la ripoti linageuka kuwa hili: «Mkurugenzi anaombwa kupeleka mbele ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, katika kikao cha Februari, maombi ya kuhamisha shilingi milioni 30 kwa ajili ya turubai 600 za kuanikia mahindi, ili zifike vijijini kabla ya mwisho wa Aprili.» Si sentensi ya kupendeza, na mtafiti atalalamika kwamba imeacha mambo mengi. Ni kweli imeacha. Lakini mkurugenzi anaweza kuikubali au kuikataa siku hiyohiyo.

Dalili ya pili: maneno hayaenei kwenye ukurasa

Mwandishi hupunguza herufi hadi pointi 9, hubana kingo za karatasi, kisha huanza kufuta maneno moja moja. Hizo zote ni njia za kutibu joto bila kutafuta ugonjwa. Ukurasa wa A4 wenye herufi za pointi 11 au 12, kingo za kawaida na vichwa vidogo vichache hubeba maneno kama 400 hadi 450, na kiasi hicho kinatosha kwa uamuzi mmoja. Usipoenea, karibu kila mara chanzo ni kwamba umefuata mpangilio wa ripoti: usuli, malengo, mbinu, matokeo, mjadala, mapendekezo. Theluthi mbili za ukurasa zinakwisha kabla msomaji hajaona jambo linalomhusu.

Marekebisho yake ni kuacha kufupisha na kuanza kujenga upya kutoka mwisho. Andika kwanza sentensi ya ombi. Kisha jiulize ni mambo gani ambayo, yasipokuwepo, msomaji atakuwa na haki ya kukataa ombi hilo, na uyatafute hayo tu kwenye ripoti. Kwa ombi letu la turubai ni mambo manne: kwamba tatizo lipo katika wilaya hii, kwamba njia ya kuanika ina uhusiano nalo, kwamba gharama inajulikana, na kwamba kuna sababu ya kufanya sasa. Aina za kuvu zilizotambuliwa maabara, ambazo ripoti imezitengea sura nzima yenye picha nzuri za hadubini, hazimo. Hazibadilishi uamuzi.

Kipimo chake ni rahisi: kwa kila aya iliyobaki, ifute na usome ukurasa bila hiyo. Ikiwa mkurugenzi angeamua vilevile, aya hiyo haikuwa na kazi. Usuli ndio huanguka wa kwanza katika kipimo hiki, kwa sababu mkurugenzi anayefanya kazi wilayani humo hahitaji kuelezwa kwamba mahindi ni chakula kikuu cha wananchi.

Dalili ya tatu: msomaji anaing'ang'ania namba moja na kuielewa vibaya

Ripoti yetu inasema kwamba wastani wa sumukuvu katika sampuli zote ulikuwa mikrogramu 31 kwa kilo. Mwandishi akaichukua namba hiyo na kuiweka juu ya ukurasa: «Wananchi wetu wanakula mahindi yenye sumu mara tatu ya kikomo.» Hesabu ni sahihi, maana yake si sahihi.

Chanzo kiko katika tabia ya sumu yenyewe. Sumukuvu haitawanyiki kwa usawa kwenye gunia. Punje chache zilizoshambuliwa na kuvu zinaweza kubeba kiasi kikubwa sana huku maelfu ya punje zinazozizunguka yakiwa salama. Ndiyo maana sehemu kubwa ya makosa katika upimaji wake hutokana na jinsi sampuli ilivyochukuliwa, kuliko mashine iliyopima. Ndiyo maana pia wastani huvutwa juu na sampuli chache mbaya. Ukifungua jedwali kwenye kiambatisho utaona kwamba kaya iliyo katikati ya orodha ilikuwa na mikrogramu 6 tu, yaani chini ya kikomo, wakati sampuli 5 zilivuka 200. Wastani wa 31 hauielezi kaya ya kawaida, na wala hauzielezi zile kaya 5 ambazo ziko katika hatari ya kweli ya kuugua ghafla.

Namba inayomfaa mtoa uamuzi ni idadi iliyovuka kikomo: kaya 42 kati ya 120, yaani zaidi kidogo ya theluthi. Ipe namba hiyo sura ya idadi kati ya idadi, ili msomaji aone kwamba asilimia 35 imetokana na kaya 120 na si na wilaya nzima. Kisha taja zile 5 katika sentensi yake yenyewe, kwa kuwa zinadai hatua nyingine: haziwezi kusubiri turubai za msimu ujao, zinahitaji mahindi hayo yaondolewe nyumbani mara moja, kwani upishi wa kawaida hauiangamizi sumu hii.

Kikomo chenyewe kinahitaji maelezo ya sentensi moja, kwa kuwa mikrogramu ni kipimo ambacho watu wachache hukitumia. Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu moja ndani ya tani 100 za mahindi. Msomaji akishaona hivyo anaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mzigo hauwezi kukaguliwa kwa macho, na kwamba kosa dogo la kukausha linatosha kuuharibu.

Dalili ya nne: mtafiti anapiga simu akisema, «Hatukusema hivyo»

Hapa mwandishi amebadilisha kitenzi bila kujua. Katika ripoti yetu, kati ya kaya 70 zilizoanika mahindi ardhini, 33 zilivuka kikomo. Kati ya kaya 50 zilizotumia turubai, zilivuka 9. Ripoti inasema kuanika ardhini «kulihusishwa» na sumu zaidi. Muhtasari ukasema «kunasababisha», kisha kwenye kichwa ukaahidi kwamba turubai «zitapunguza sumukuvu kwa zaidi ya nusu».

Ahadi hiyo haina msingi katika utafiti wa aina hii. Kaya yenye turubai huenda pia ina ghala bora, ilivuna mapema, au ina mtu wa kuyafunika mahindi mvua inapodondoka. Ripoti haikugawa turubai kwa bahati nasibu. Ilikuta baadhi ya watu wanazo. Sehemu ya tofauti inaweza kuwa ya turubai na sehemu ikawa ya mambo hayo mengine. Hilo halilivunji ombi, kwa sababu kuzuia mahindi yasiguse udongo na kuyakausha hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 ni ushauri unaokubalika kitaalamu hata bila ripoti hii. Linachovunja ni ile «zaidi ya nusu», na ni busara ianguke mezani kwako kabla haijaanguka mbele ya madiwani mwakani, matokeo yatakapopungua kwa robo tu.

Tatizo hilo huzidi katika sehemu ya afya, kwa sababu madai matatu yenye nguvu tofauti huwekwa kwenye sentensi moja. Kwamba kula sumukuvu nyingi kwa muda mfupi kunaweza kuua, hilo limeshatokea na linajulikana. Kwamba aflatoksini, yaani sumukuvu tunayoizungumzia, husababisha saratani ya ini kwa binadamu, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka katika Kundi la 1, ambalo ni la visababishi vilivyothibitika. Lakini udumavu wa watoto ni jambo la tatu: uhusiano umeonekana katika tafiti, ila watoto wanaokula mahindi mabovu mara nyingi wanakosa na vyakula vingine, na kuutenga mchango wa sumu peke yake ni kazi ngumu. Ukiandika «sumukuvu inaua, inaleta saratani na inadumaza watoto», mganga mkuu wa wilaya akiwa kikaoni atalipinga la tatu, na yale mawili ya kwanza yatapoteza nguvu pamoja nalo.

Namna ya kulizuia ni kurudi kwenye ripoti na kuchora mstari chini ya kila kitenzi cha matokeo, kisha kukilinganisha na kitenzi chako. Andika pembeni ya nakala yako namba ya ukurasa kwa kila dai. Kabla ya kupeleka, mpe mtafiti ukurasa huo akiwa na swali moja tu la kujibu: kuna sentensi gani hapa asiyoweza kuitetea hadharani? Usimwulize kama anaupenda, kwa sababu ataomba sura ya hadubini irudishwe.

Dalili ya tano: «Kwani hakuna njia nyingine?»

Swali hili likija, maana yake ukurasa umetaja njia moja kana kwamba nyingine hazipo. Sentensi tatu zinatosha kulizima. Mifuko isiyopitisha hewa ni njia nzuri ya kuhifadhi, ila haiondoi sumu iliyokwisha kuingia wakati wa kukausha, kwa hiyo inafuata baada ya turubai na haichukui nafasi yake. Mafunzo peke yake ni nafuu, lakini kaya isiyo na turubai haitayatekeleza. Kutofanya chochote nako ni njia, na gharama yake ni hatari ya afya pamoja na uwezekano wa mzigo wa wilaya kukataliwa sokoni au mpakani, jambo ambalo linaigusa halmashauri moja kwa moja kupitia ushuru wa mazao.

Ukurasa ulivyo baada ya marekebisho

Hiki ndicho kiini chake, bila kichwa cha barua:

> Uamuzi unaoombwa. Mkurugenzi anaombwa kupeleka mbele ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, katika kikao cha Februari, maombi ya kuhamisha shilingi milioni 30 kwa ajili ya turubai 600 za kuanikia mahindi, zitakazokaa chini ya uangalizi wa ofisi za vijiji na kutumiwa kwa zamu.
>
> Kwa nini sasa. Mavuno yanaanza Mei. Fedha za bajeti ijayo zitapatikana kuanzia Julai, baada ya mahindi mengi kuanikwa.
>
> Tulichokikuta. Katika kaya 120 zilizopimwa, 42 zilikuwa na mahindi yaliyovuka kikomo cha sumukuvu cha Afrika Mashariki, ambacho ni gramu moja katika tani 100. Kaya 5 zilivuka kikomo hicho zaidi ya mara 20. Mahindi yao yanapaswa kuondolewa mara moja, na Mganga Mkuu wa Wilaya ameombwa kufuatilia. Walioanika ardhini walivuka kikomo katika kaya 33 kati ya 70. Waliotumia turubai, 9 kati ya 50.
>
> Mipaka ya ushahidi. Kaya hizi hazikugawiwa turubai na utafiti, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kuhesabiwa kuwa ya turubai. Hatutoi ahadi ya kiwango cha kupungua. Tunapendekeza kaya zilezile zipimwe tena Septemba.
>
> Njia nyingine zilizopimwa. Mifuko isiyopitisha hewa inafaa baada ya kukausha vizuri. Mafunzo bila vifaa hayatoshi. Kutofanya kitu kunaziacha afya na soko katika hali ileile.

Sehemu ya mipaka ndiyo wakubwa wa idara hupenda kuifuta wakisema inaudhoofisha ukurasa. Ibaki. Mkurugenzi atakayeulizwa na madiwani iwapo turubai zitamaliza tatizo atahitaji jibu ambalo hatalazimika kulikana, na sentensi mbili za kwanza za sehemu hiyo ndizo zinazompa.

Likibaki jambo moja la kuangaliwa, ni karatasi yenyewe. Ukurasa huu utatolewa nakala kwa ajili ya wajumbe, mara nyingi kwa mashine ya rangi nyeusi na nyeupe. Chati iliyotofautisha kaya za turubai na za ardhini kwa kijani na nyekundu itatoka na vijivu viwili vinavyofanana, hivyo toa nakala moja ya majaribio kwenye mashine ya masjala kabla ya kuusaini, na chati ikishindwa kusomeka iondoe, kwa kuwa namba zake tayari zimo kwenye aya ya matokeo.